Shajara ya mradi: kura, visanduku vya maswali na kwizi kwenye stori za duka la khanga

Aprili, mwanzoni

Hali ya sasa kwanza. Mamdogo ana duka la khanga Kariakoo, mtaa wa Uhuru, na mi ndo naendesha ukurasa wake wa Instagram. Stori moja inaonwa na watu kama 380 hivi, wanaoandika inboksi ni wachache na wengi wao ni "bei?" af kimya. Mzigo wa Siku ya Mama, ile Jumapili ya pili ya Mei, unatakiwa uagizwe mapema na mamdogo anataka kujua achukue khanga gani. Khanga ya jumla inakuja kwa korija, yaani doti 20 za aina moja, kwahiyo ukikosea jina au rangi unakaa na doti kumi na kitu kwenye shelfu mpaka mwakani.

Mradi wenyewe ni huu, nitumie stika tatu za stori, ile ya kura, ile ya kisanduku cha maswali na ile ya kwizi, nijue wateja wanataka nini kabla hela haijatoka. Na hapohapo stori zipande, maana Instagram wenyewe walishaeleza kwamba kwenye kupanga stori za nani zikae mbele wanaangalia mtu huwa anazitazama za nani, huwa anabonyeza au kujibu za nani, na ukaribu wake na huyo mwenye ukurasa. Mtu akikupigia kura leo kesho una nafasi nzuri zaidi ya kukaa mbele kwake. Hiyo ni faida ya pembeni lakini ndo wengi wanaikimbilia peke yake, wanauliza "chai au kahawa?" asubuhi, wanapata kura mia, halafu hawajajua chochote cha kuuza.

Siku chache baadae: kisanduku kwanza

Mamdogo alitaka tuanze na kura ya rangi, nyekundu au bluu. Nikamwambia mamdogo tukianza na kura tutakuwa tumeshawachagulia, wao watachagua kati ya vitu viwili tulivyofikiria sisi, na pengine wanachokitaka hakimo humo kabisa. Kisanduku ndo kinatangulia kwasababu pale mtu anaandika kwa maneno yake.

Shida ya kisanduku ni kwamba kinataka kazi. Kura ni kidole kimoja, kisanduku mtu afungue kibodi, afikirie, aandike, na akiwa kwenye daladala hana huo muda. Ukiweka "tuulize chochote" unapata majibu matatu na mawili ni ya marafiki zako. Swali liwe jembamba mpaka jibu limkae mtu mdomoni tayari. Tuliloandika ni hili: "Khanga ya mwisho uliyonunua ulimnunulia nani?" Hakuna "unapendelea nini", hakuna "tungependa maoni yako". Ni kitu kilichotokea tayari, mtu anakumbuka tu na kuandika maneno mawili. Swali la kilichotokea pia lina ukweli zaidi kuliko swali la utakachofanya, maana kwenye utakachofanya kila mtu ni mkarimu.

Na hatukukitupa kisanduku peke yake. Stori ya kwanza ilikuwa kura nyepesi, "Una khanga ngapi kabatini?" na machaguo mawili tu, chini ya tano au "nimeacha kuhesabu". Kidole kishazoea kubonyeza, stori ya pili ndo kisanduku.

Majibu yalikuja 27. Nimeyapanga kwa mkono kwenye daftari:

mama mzazi au mama mkwe, 12
sare ya shughuli au ya kikundi, 7
yake mwenyewe, 5
msiba, 2
na mmoja kaandika "mume wangu ndo alininunulia, ile siku tuligombana" ambayo sijui niiweke wapi.

Hapo tu rangi imeshakuwa swali la pili. Wengi wananunua kumpa mtu, na anayempa mtu khanga anaangalia jina kwanza, yaani yale maandishi ya chini, kwasababu khanga inaongea kwa niaba yake. Hakuna mkwe atakayempelekea mama mkwe khanga yenye kijembe, hata rangi iwe nzuri vipi (labda anatafuta vita). Na hawa saba wa sare wao shida yao ni idadi, wanataka doti thelathini zinazofanana, jina lolote la heri linawatosha. Tungeuliza nyekundu au bluu tungepata jibu safi kabisa la swali ambalo mnunuzi hajiulizi.

Majibu sita niliyarudisha kwenye stori. Ukirusha jibu la kisanduku jina la aliyeandika halionekani kwa watu, lakini mi naliona, na hapo inabidi uwe na adabu. Kuna dada kaandika habari za mama mkwe wake kwa urefu, hakutaja jina la mtu ila ukimjua utamjua tu, ile sikuirusha, nikamjibu inboksi. Wote 27 wamejibiwa inboksi mmoja mmoja, sio kwa "asante kwa maoni", bali kwa kuendeleza kile alichosema. "Mama mkwe alifurahi jina gani?" Nusu yao waliendelea kuongea. Haya maongezi ndo yalinipa majina ya kuweka kwenye kura.

Wiki iliyofuata: kura, na kwanini nimeweka chaguo la tatu

Majina mawili yaliyojirudia sana kwenye inboksi ni *Nani kama mama* na *Wema hauozi*. La kwanza halina haja ya maelezo. La pili watu walilitaja kwa mama mkwe, mmoja aliandika "Nani kama mama nikimpa mkwe mama yangu mzazi atanuna", nikacheka lakini ni hoja.

Sasa kutengeneza kura. Mamdogo alikuwa na picha mbili, moja binti yake kaivaa kajifunga vizuri nje kwenye jua, nyingine khanga imekunjwa juu ya kaunta, taa ya tyubu, kivuli cha mkono. Nikakataa. Ukiweka hizo mbili kura itakuwa ya picha, yule binti angeshinda hata akivaa turubai. Tumepiga upya, khanga zote mbili zimetandazwa ukutani sehemu ileile, saa ileile, pindo na mji vinaonekana vyote, na jina linasomeka bila kukuza. Na nimetafuta rangi zinazokaribiana ili tofauti iliyobaki iwe ni jina tu, maana ukibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja hutajua kura imekwenda kwa kipi.

Swali: "Unampelekea mama mkwe au mama, unachukua ipi?"

Machaguo: *Nani kama mama*, *Wema hauozi*, na la tatu: *Nionyeshe matokeo tu*.

Hilo la tatu watu huwa hawaweki na ndo linalookoa kura. Kwenye Instagram huoni asilimia mpaka upige kura. Kwahiyo mwanaume ambae hajawahi kununua khanga maishani mwake, binamu yako aliyeko Mwanza, mwenye duka jirani anayechungulia, wote wanabonyeza chochote ili waone nani anaongoza, na kubonyeza kwao kunaingia kwenye hesabu kama kura ya mteja. Wape mlango wao wapite huko.

Matokeo: kura 118. Nani kama mama 52, Wema hauozi 31, Nionyeshe matokeo 35.

Ona hao 35. Ni karibu theluthi ya waliobonyeza, na wengi wao hawana habari na khanga, wana udaku tu. Bila lile chaguo wangegawanyika kwa hizo mbili vyovyote vile.

Mamdogo aliona 52 kwa 31 akasema "haya mwanangu imeisha hiyo, korija tatu za Nani kama mama." Nikamwomba anipe usiku mmoja.

Usiku uleule: nani kapiga, sio ngapi

Kwenye stori yako mwenyewe ukivuta juu unaona orodha ya waliopiga na kila mmoja kachagua nini. Hii ndo sehemu ya thamani ya kura ya Instagram na wengi hawafiki huku, wanasoma asilimia wanafunga. Nimepiga skrinishoti za orodha yote usiku huohuo kwasababu orodha ya waliotazama haikai milele, stori inaondoka baada ya saa 24 na majina ya watazamaji yanafuata baada ya muda mfupi.

Halafu nimechukua daftari la mauzo la mamdogo, na inboksi ya zamani, nikaweka alama kwa kila jina ambalo limewahi kulipa hela pale dukani. Kazi ya kuchosha, majina ya Instagram hayafanani na majina ya kwenye miamala, mtu anaitwa mrembo_wa_nini_sijui kumbe ni mama mtu mzima wa Tabata. Lakini imetoka hivi:

waliochagua Nani kama mama: 52, waliowahi kununua 11
waliochagua Wema hauozi: 31, waliowahi kununua 13
Nionyeshe matokeo: 35, waliowahi kununua 6

Yaani kwa watu wote Nani kama mama imeshinda kwa mbali, kwa watu wanaotoa hela Wema hauozi iko mbele kidogo. Kidogo tu, 13 kwa 11 siwezi kuapa nayo, siku nyingine ingeweza kuwa kinyume. Ila inatosha kuzuia korija tatu za upande mmoja. Na sababu inaonekana ukipitia profaili zao, waliochagua Nani kama mama wengi ni mabinti wa chuo, wanampenda mama yao na jina limewagusa, lakini hela ya doti hawana leo.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuwaandikia wale 24 waliowahi kununua na wakachagua jina. Hao tu. Mtu ambae hamjawahi kuongea ukimwandikia kisa kabonyeza kura anaona umemvizia, na kura inayofuata hatabonyeza. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Dada shikamoo, ile khanga uliyoichagua juzi tunaiagiza, ukitaka nikuwekee doti advansi ni nusu bei." Advansi zilizoingia: 3 za Nani kama mama, 8 za Wema hauozi.

Kura haimgharimu mtu kitu, advansi inamgharimu. Tukaagiza korija moja moja.

Pembeni kidogo: kura ileile kwenye grupu la WhatsApp

Mamdogo ana grupu lake la WhatsApp, kina mama wa mtaani na wa kikoba, akataka na wao waulizwe. Kura ya WhatsApp unaweza kuweka mpaka machaguo 12 na kuna kitufe cha kuruhusu majibu zaidi ya moja, nilikizima, maana kikiwa wazi watu wanachagua yote kwa upole.

Ila tofauti kubwa ni kwamba kwenye grupu kila mtu anaona nani kachagua nini. Wa kwanza kupiga alikuwa mwenyekiti wa kikoba, kachagua Wema hauozi. Waliofuata saa nzima ile wote Wema hauozi, mmoja baada ya mwingine. Halafu kuna wawili mkwe na mama mkwe wamo humohumo, unategemea yule mkwe apige kura ya kweli pale? Alituandikia pembeni kabisa kwamba yeye anataka jina lenye makali kidogo ila "sio humu jamani".

Kura ya grupu sijaiweka kwenye hesabu ya jina. Nimeitumia kwa kitu kimoja, kuuliza siku ya kufungua oda za sare, jambo ambalo kufuata mkumbo hakuna ubaya, tunataka wakubaliane.

Aprili, mwishoni: kwizi

Watu wanachukulia kwizi ni mchezo wa kuongeza kubonyeza. Ni kweli zinabonyezwa, jibu sahihi linawaka kijani na ukikosea unaona nyekundu, mtu anapenda hiyo. Mi nilichokuwa nakitaka ni majibu *mabaya*. Ukiweka jibu la uongo ambalo mteja halisi anaweza kuliamini, idadi ya waliolichagua inakuambia ni wangapi wamebeba hiyo dhana kichwani.

Dhana ninayoijua ipo ilitokea inboksi. Mara kwa mara mteja mpya anapokea mzigo anaandika kwa hasira "mbona mmenitumia nguo moja ndefu, haijapindwa?" Kwa aliyekulia nyumba yenye khanga hilo ni jambo la kawaida, doti inatoka kiwandani vipande viwili vimeungana, unakata mwenyewe katikati na unapinda au unampa fundi. Kwa binti aliyezoea kuikuta khanga ya mama yake tayari kabatini, sio kawaida.

Kwizi: "Doti mpya ikitoka dukani inakuwaje?"

A. Vipande viwili vimekatwa na kupindwa
B. Kitambaa kimoja, hakijakatwa
C. Kipande kimoja tu, cha pili unanunua

Sahihi ni B. Chaguo C nililiweka likiwa la kuchekesha kidogo, nikidhani hakuna atakayeligusa. Waliojibu 104: A wakawa 41, B 49, C 14.

Watu 55 kati ya 104 hawajui wanachonunua kinafikaje! Na hao sio wapita njia, nimeangalia majina, ndani ya A wako wanaotuandikia kila wiki. C ndo iliniumiza kichwa zaidi, maana ina maana kuna mtu anaiona bei ya doti akidhani ni ya kipande kimoja, anaona ghali, anaondoka bila kuuliza. "Bei?" af kimya, pengine baadhi yao ni hao.

Kilichobadilika ni vitu viwili. Kwenye kila posti bei sasa inaandikwa "doti, vipande viwili". Na fundi aliyeko kwenye korido ya jengo letu amekubali kukata na kupinda kwa nyongeza ndogo, mteja anachagua anaipokea ikiwa nzima au imepindwa. Stori iliyofuata baada ya kwizi ilikuwa video ya sekunde chache, mkasi unapita katikati ya doti kufuata nafasi kati ya mapindo mawili, hakuna maneno. Hiyo ndo ilijibiwa kuliko stori zote za mwezi ule, wengi wanaandika "kumbe".

Kwizi rahisi mno haikuambii kitu, wote wanapatia wanajisikia vizuri basi. Ngumu mno unaijua kwenye takwimu za stori, waliosonga mbele wanaongezeka na waliobonyeza wanapungua. Nilijaribu moja ya mwaka khanga ilipoanza pwani, ikafa. Mteja wa Mbagala hana sababu ya kujua hilo na mi sina cha kufanya na jibu lake.

Mei, baada ya Siku ya Mama

Matokeo ya mzigo. Wema hauozi ilitoka polepole tangu ilipofika, za advansi kwanza, halafu moja mbili kila siku, zimebaki doti tatu. Nani kama mama ilikaa, ikakaa, mamdogo akaanza kuniangalia vibaya, halafu kuanzia Alhamisi ya wiki ile mpaka Jumamosi jioni ikaisha yote na watu bado wanauliza.

Nimepitia majina ya walionunua Nani kama mama siku hizo tatu. Waliokuwa wamepiga kura ni wanne. Waliobaki hawajawahi kubonyeza stika yoyote yetu, ila kwenye orodha za watazamaji wapo, kila stori wanaona na kupita. Wengi ni wanaume. Hawa kura haiwashiki kabisa, hawajibu kisanduku, hawachezi kwizi, wanatazama mwezi mzima halafu Ijumaa saa kumi na moja wanaandika namba ya simu na "nitumie mbili".

Mamdogo anasema angechukua korija tatu kama alivyotaka zingetoka zote. Inawezekana. Tungechukua tatu mwezi wa nne hela ingekaa shelfuni wiki nyingi na sare zisingeagizwa, lakini simbishii sana, maana alichokuwa nacho yeye ni miaka ya kusimama dukani wiki ya Siku ya Mama, na kura yangu ilichukuliwa wiki nne kabla, siku ambayo mwanaume hata hajui hiyo siku iko lini.

Upande wa stori: watazamaji wamepanda kutoka 380 kwenda kwenye 450 hivi. Waliobonyeza kura ya Aprili walikuwa 118, kura ya jana 121. Kwahiyo wanaotazama wameongezeka, wanaobonyeza ni walewale. Nimepunguza stika, mbili kwa wiki tu, na kila moja iwe na uamuzi unaoisubiri dukani, kama hakuna cha kuamua siweki.

Kinachofuata

Kisanduku cha watu wa sare, swali "Mara ya mwisho mlivaa sare mlikuwa wangapi?" ili tujue kama doti 20 zinawatosha au tuombe msambazaji atuwekee korija mbili mbili za jina moja. Kura ya jina kwa ajili ya mwakani itarushwa mara mbili, mwezi mmoja kabla na tena Jumatano ya wiki yenyewe, picha zilezile, tulinganishe. Kwa wale wanaotazama kimya bado sina stika, nitajaribu kuweka kiungo cha oda moja kwa moja kwenye stori siku za mwisho wa wiki na nihesabu waliobonyeza. Fundi wa korido naye ameanza kuzidiwa na kupinda, mamdogo anaongea nae leo.